Sentimita tano za karatasini: kisa cha kijana mfupi na vidonge vya letrozoli mjini Lubumbashi

Kisa hiki ni cha kweli kwa mwendo wake. Nimeondoa majina, nimebadilisha mambo ya familia yasiyogusa tiba, na kijana mwenyewe nitamwita M. Nakiandika kwa wenzangu wanaopima watoto, na kwa wazazi ambao tayari wameshasikia kwamba ipo dawa ya kurefusha wavulana. Ipo kweli. Jambo la kujua ni kile ambacho kipimo kinaonyesha mtoto anapoimeza, na kile kinachobaki baadaye.

Usuli

M. alikuja na wazazi wake akiwa na miaka 15 na mwezi mmoja. Alikuwa mfupi kuliko wote darasani, sauti bado ya kitoto, na mwalimu alikuwa amemweka benchi la mbele pamoja na watoto wa miaka 12. Baba alisema mwanawe ana mita moja na 52. Tulimpima ukutani bila viatu, visigino, matako na kisogo vikigusa ukuta, ubao ukishushwa kichwani mara tatu, tukachukua wastani: sentimita 148.5. Baba mwenyewe alijitaja kuwa na 172. Nilimwomba naye avue viatu, akawa na 168. Mama alikuwa na 157. Hupima wazazi kila mara, kwa sababu wanaume wengi hujiongezea sentimita mbili tatu bila kukusudia, na hesabu yote inayofuata huanzia hapo.

Kwa mvulana, tunajumlisha urefu wa baba na wa mama, tunaongeza 13, tunagawa kwa mbili. Kwa M. ikatoka 169. Huo ndio urefu wa katikati ambao nyumba yake inaweza kumpa, ukiwa na nafasi ya sentimita kadhaa juu au chini.

Damu yake, tezi ya shingo, figo na choo havikuonyesha kitu. Hakuwa na anemia ya seli mundu. Korodani tulizilinganisha na shanga za kipimo, zikawa mililita 6. Kubalehe huhesabiwa kuwa kumeanza zikifika 4, kwa hiyo M. alikuwa mlangoni tu. Kisha baba akasimulia jambo lililokuwa na thamani kuliko vipimo vyote: yeye mwenyewe alimaliza sekondari akiwa mdogo kama mwanawe, akaja kurefuka akiwa chuoni, suruali zikimwachia vifundo vya miguu mwaka baada ya mwaka.

Tulipiga radio, yaani picha ya mifupa, ya mkono wa kushoto na kifundo chake. Ripoti iliyokuja na picha ilisema kwa mstari mmoja kwamba mifupa "inaanza kujifunga". Mstari huo ndio uliowatia hofu, kwa sababu mifupa ikishajifunga mtoto harefuki tena. Niliiweka picha kwenye kioo cha taa nikailinganisha mwenyewe na atlasi ya Greulich na Pyle, kitabu cha picha za mifupa ya mikono ya watoto wa kila umri, mfupa kwa mfupa. Kwenye vidole, ile mistari myeusi ya gegedu iliyo kati ya kichwa cha mfupa na mwili wake ilikuwa wazi kabisa, na pale kifundoni, mwisho wa mfupa mkubwa wa mkono, ilikuwa pana. Umri wa mifupa niliusoma kuwa miaka 13.

Mvulana ambaye mifupa yake ina miaka 13 na iko nyuma ya umri wake wa kuzaliwa, kwa majedwali ya Bayley na Pinneau, huwa amefikia karibu asilimia 88 ya urefu wake wa utu uzima. Ukigawa 148.5 kwa 0.88 unapata 169, karibu sawasawa na hesabu ya wazazi. Picha yote ilikuwa moja: mtoto anayechelewa kubalehe kama baba yake, na mwenye muda wa kukua bado mbele yake.

Dawa yenyewe

Mwili wa mvulana unatengeneza testosteroni, na sehemu ya hiyo testosteroni hugeuzwa kuwa estrojeni na kimeng'enya kiitwacho aromatesi. Watu hushangaa wakisikia kwamba kinachofunga gegedu za ukuaji kwa wavulana ni hiyo estrojeni, ile ile inayoitwa homoni ya kike. Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1994, madaktari wa Marekani walipoeleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuisikia estrojeni kwa sababu ya kasoro ya kuzaliwa. Alikuwa na sentimita 204, bado anakua, mifupa yake ikisomeka kama ya kijana wa miaka 15. Mifupa hiyo hiyo ilikuwa dhaifu, imepoteza uzito wake kama ya mzee. Nilimweleza baba wa M. habari hii yote, nusu ya kwanza na nusu ya pili, kwa sababu watu wengi wanaouza dawa hizi husimulia nusu ya kwanza tu.

Letrozoli na anastrozoli huzuia aromatesi. Zilitengenezwa kwa ajili ya wanawake wenye saratani ya matiti waliokwisha kukoma hedhi, na kazi yake iliyoidhinishwa ni hiyo. Kumpa mvulana ni kuitumia nje ya idhini. Dozi iliyojaribiwa kwa wavulana ni ile ile ya wanawake: letrozoli miligramu 2.5 kwa siku, au anastrozoli miligramu 1. Wazo ni rahisi: estrojeni ikipungua, gegedu zinachelewa kufunga, mtoto anapata miaka zaidi ya kukua.

Kilichotokea

Niliwaambia wazazi kwamba M. hahitaji dawa hiyo, warudi baada ya miezi sita. Baba aliitikia kwa kichwa. Mama hakusema kitu. Baba mdogo wa M., anayeendesha lori kwa njia ya Kasumbalesa, alikuwa ameshasikia habari za letrozoli kutoka kwa rafiki ambaye kijana wake aliitumia, na miezi miwili baadaye alileta pakiti tano za vidonge 30. Kijana akaanza kumeza kidonge kimoja kila usiku. Sikuambiwa.

Walirudi baada ya miezi saba tangu mara ya kwanza. M. alikuwa amemeza kwa miezi mitano. Alipoingia nilijua kuna kitu kabla sijaambiwa: uso ulikuwa na chunusi nzito hadi kwenye mabega, sauti imevunjika, korodani zimefika mililita 15. Ubao ulisoma 153.0. Testosteroni ilikuwa juu ya kipimo cha mtu mzima. Hivyo ndivyo dawa inavyofanya: ubongo ukikosa kusikia estrojeni, huziamuru korodani zifanye kazi kwa nguvu zaidi. Chembe nyekundu zilichukua asilimia 52 ya damu yake, damu nzito kuliko ninavyopenda kwa kijana.

Nilipiga radio nyingine ya mkono. Nikaisoma: miaka 13, kama mwanzo.

Baba alikuwa amejifunza hesabu mara ya kwanza na aliifanya kwenye simu yake mbele yangu. 153 gawa kwa 0.88. Ikatoka karibu 174. Alinionyesha kioo. "Dokta, dawa iko inasaidia. Tulikuwa na 169, sasa tuko na 174."

Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumpa jibu la haraka. Niliwaomba wakae, nikazichukua picha zote mbili.

Tulivyozisoma picha mbili

Kwenye kioo cha taa zilikuwa karibu pacha. Lakini pale kwenye shina la kidole gumba, kile kimfupa kidogo kama mbegu kinachotokea wakati wa kubalehe, ambacho mara ya kwanza hakikuwepo, sasa kilionekana, hafifu. Vichwa vya mifupa ya vidole vilikuwa vimepanuka kidogo. Mwenzangu niliyemwita aisome bila kumwambia umri wala tarehe alisema 13 na nusu. Mimi nilikuwa nimesema 13. Sote wawili tulikuwa ndani ya kosa la kawaida la kipimo hiki, ambalo ni kama nusu mwaka huku au kule.

Mifupa ya 13 na nusu iko karibu asilimia 90. Gawa 153 kwa 0.90 unapata 170. Yaani kimfupa kimoja kidogo cha kidole gumba, kikionekana au kisionekane, kilitosha kufuta sentimita nne kati ya zile tano alizozishangilia baba. Nilimwonyesha kwa kalamu, naye akakiangalia kwa muda mrefu.

Halafu kuna jambo la pili, ambalo ni zito zaidi. Hata kama tungekuwa na uhakika kwamba mifupa imesimama kwenye 13, jedwali lile lilitengenezwa kwa watoto ambao mifupa yao inazeeka yenyewe, bila kushikwa na dawa. Letrozoli inashika moja kwa moja kile tunachokisoma. Ukichukua saa ukaizuia mshale, kisha ukaiuliza ni saa ngapi, itakuambia bado mapema. Muda wa kukua unaweza kuwa umeongezeka kweli; inaweza pia kuwa kwamba mifupa itakimbia kufidia mara dawa ikiachwa. Picha ya siku ile haiwezi kutofautisha.

Na zile sentimita 4.5 alizokua kwa miezi saba? Mvulana wa miaka 15 mwenye korodani za mililita 6 yuko pale pale ambapo kukua kunaanza kukimbia. Angekua kwa kasi bila kidonge hata kimoja. Kwa kuwa tulikuwa tumempima mara moja tu kabla ya dawa, hatukuwa na mwendo wake wa awali wa kulinganisha.

Uamuzi, na sababu zake

Tulikubaliana kuacha. Sikuwaambia waache kwa sababu dawa ni sumu, si sumu. Niliwaambia sababu tatu, kwa uzito huu.

Ya kwanza ilikuwa ya ushahidi. Kule Ufini walifanya jaribio la haki: wavulana wafupi wapatao 30, nusu wakapewa letrozoli, nusu vidonge visivyo na dawa, kwa miaka miwili. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2005 yalipendeza: urefu uliotabiriwa uliongezeka karibu sentimita 6 kwa waliopewa letrozoli. Hii ndiyo namba inayozunguka kwenye simu za watu. Lakini wale wavulana walifuatiliwa mpaka wakawa wanaume, na mwaka 2019 ikaripotiwa kwamba urefu wao wa mwisho haukuwazidi wale waliopewa vidonge vitupu. Utabiri ulipanda, watu hawakupanda.

Ya pili ilikuwa uti wa mgongo. Kundi hilo hilo la Ufini lilipiga picha za mgongo za wavulana wale baada ya tiba. Kati ya 11 waliotumia letrozoli, 5 walikuwa na pingili zilizobonyea kidogo. Kwa waliopewa vidonge vitupu hakuna hata mmoja. Ni watoto wachache, na kubonyea kulikuwa kwa kiasi kidogo. Lakini mtu anayejenga mifupa yake ya maisha yote katika miaka hii anahitaji estrojeni, na yule mwanamume wa sentimita 204 anatuonyesha mwisho wa njia hiyo. Nilimpiga M. picha ya mgongo kwa ubavu. Pingili moja ya katikati ya kifua ilikuwa nyembamba kidogo upande wa mbele. Sikuweza kusema ni dawa, kwa sababu hatukuwa na picha ya kabla.

Ya tatu ilikuwa kwamba M. hakuwa mtoto ambaye dawa hizi, kama zina nafasi, zina nafasi kwake. Matumaini yaliyobaki yako kwa wavulana waliokwisha kwenda mbali katika kubalehe, wenye muda mfupi uliobaki, na mara nyingi pamoja na sindano za homoni ya ukuaji. Katika jaribio la Marekani la 2008, wavulana waliokosa homoni ya ukuaji waliopewa homoni hiyo pamoja na anastrozoli kwa miaka mitatu waliongeza sentimita 6.7 za utabiri, ilhali wenzao waliopewa homoni peke yake waliongeza 1. Ni tofauti kubwa, ingawa nayo ni ya utabiri. M. hakuwa na upungufu huo wala hakuwa amebakiwa na muda mfupi. Muda alikuwa nao.

Baba mdogo, aliyekuja siku hiyo, aliuliza kuhusu sindano za kila mwezi zinazosimamisha kubalehe kabisa. Ni swali zuri. Katika jaribio moja la vijana wafupi, zikitumika kwa miaka mitatu na nusu ziliongeza kama sentimita 4, na mifupa ikabaki na uzito pungufu. Lakini kumsimamishia kubalehe kijana wa miaka 15 ambaye anateseka kwa kuonekana mtoto, ni kumwongezea kile kile alichokuja kulia.

Matokeo

Chunusi zilipungua kwa miezi minne. Testosteroni ilishuka hadi kiwango cha umri wake, damu ikarudi asilimia 46. Kisha tukaendelea kupima ukutani pale pale:

miaka 15 na miezi 8, alipoacha dawa: 153.0
miaka 16 na miezi 8: 160.5
miaka 17 na miezi 6: 166.1
miaka 18 na miezi 5: 168.5

Radio ya miaka 16 na miezi 8 ilikuwa ya kufundisha kuliko zote. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita, na umri wa mifupa ulikuwa umefika karibu 15: kama mwaka mmoja na nusu kwa kusoma kwa mwenzangu, miaka miwili kwa kusoma kwangu. Mshale uliozuiwa ulikuwa umekimbia. Zile 174 hazikuwepo tena popote. Jedwali sasa lilisema 166.

Picha ya pili ya mgongo, mwaka mmoja baada ya kuacha, ilionyesha ile pingili ikiwa vile vile, haijaongeza kubonyea.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kilichofaa zaidi ni ukuta na ubao. Namba ya kwanza, 169, ilitokana na mita, viatu vilivyovuliwa na radio moja iliyosomwa kwa uangalifu, nayo ilikosa kwa nusu sentimita tu. Nakiri kuna bahati ndani yake: majedwali haya yalitengenezwa kwa watoto wa Marekani, picha za atlasi zikiwa za watoto wa Cleveland wa miaka ya 1930 na 1940, na kwa mtoto mmoja mmoja utabiri hukosea sentimita tano kwa urahisi. Kisa cha M. hakithibitishi kwamba letrozoli haifanyi kazi. Hakuna M. wa pili ambaye hakuimeza. Kinachoonyesha ni jinsi namba inavyoweza kupanda na kushuka bila mtoto kubadilika.

Kusoma radio bila kujua tarehe kulifaa pia. Mimi nilikuwa najua, na macho yangu yaliona picha ile ile ya mwanzo. Siku hizi picha ya ufuatiliaji naisomesha kwa mtu asiyejua mtoto anameza nini.

Ripoti ya mstari mmoja, "inaanza kujifunga", iliharibu sana. Mzazi akisoma hivyo, anaona mlango unafungwa usiku wa leo. Ripoti ya umri wa mifupa inapaswa kutaja namba, atlasi iliyotumika, na nafasi ya kosa.

Lakini kosa kubwa lilikuwa langu, siku ya kwanza. Nilijibu swali la baba, "atafika wapi?", nikamwacha kijana na swali lake, ambalo lilikuwa la benchi la mbele na sauti ya kitoto. Kwa mvulana anayechelewa namna hii ipo tiba ya zamani na iliyozoeleka: testosteroni ya sindano, miligramu 50 kwa mwezi kwa miezi mitatu hadi sita, inayoamsha kubalehe na ambayo kwa dozi hii ndogo haijaonekana kupunguza urefu wa mwisho. Sikuitaja hata. Niliwaambia "subirini" watu waliokuja na hofu, nikawaacha waende nyumbani mikono mitupu, na baba mdogo alikuwa na kitu cha kuwapa. Alipokuwa na miaka 18 nilimuuliza M. kwa nini alikubali kumeza. Alisema hakuwaza urefu sana. Alitaka tu sauti ivunjike.

Yako mambo mawili ambayo tumeyaacha wazi kwenye faili lake. Moja ni uzazi: wavulana waliotumia dawa hizi hawajafuatiliwa wengi kiasi cha kumwambia kwa uhakika, ingawa korodani zake ni za mtu mzima mwenye afya. La pili ni ile pingili, ambayo tutaipiga picha tena akifika miaka 20.

Mdogo wake ana miaka 12 na naye ni mfupi. Mama alimleta mwezi uliopita peke yake, akasema kabla sijamuuliza kwamba nyumbani hakuna kidonge. Ubao ulisoma 138.2. Korodani mililita 3, bado. Nimemwandikia tarehe mbili, si moja: ya kwanza baada ya miezi sita, ya pili baada ya mwaka, ili tuujue mwendo wake kabla mtu yeyote hajaanza kuhesabu.